Kuhama mtandao ukabaki na namba yako: mambo ya kujua kwa wafanyabiashara wa Ziwa Mweru

Ukisimama ufukweni Nchelenge, mtandao ni jambo la mahali uliposimama. Kampuni moja inashika vizuri sokoni Kashikishi na kupotea ukielekea visiwani. Nyingine ni kinyume chake. Kuna sehemu za ufukwe ambako simu inadaka mnara wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, na salio likaanza kuliwa kwa bei ya nje ya nchi. Ndiyo maana watu wanauliza kama wanaweza kuhamia kampuni yenye mnara mzuri bila kuipoteza namba ambayo wateja wa samaki wamekwisha kuizoea.

Kwanza tuondoe kosa moja ambalo hapa mpakani ni rahisi kulifanya. Namba huhama kutoka kampuni moja kwenda nyingine ndani ya nchi moja tu. Namba inayoanza na +260 ni ya Zambia na itabaki Zambia. Haiwezi kuwa ya Kongo yenye +243 wala ya Tanzania yenye +255. Yeyote anayekuahidi kuivusha namba yako mpaka anakuuzia laini mpya. Kwa laini ya Zambia, nenda kwenye duka lenyewe la kampuni unayoitaka, si kibanda cha vocha, uulize kama wanapokea namba iliyotoka kampuni nyingine. Usimlipe mtu kabla ya jibu hilo.

Utaratibu nitakaoueleza ni wa Tanzania, ulioanza tarehe 1 Machi 2017 chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Unawahusu wengi wa huku, kwa sababu anayepeleka chisense kavu hadi Nakonde na Tunduma mara nyingi ana laini ya Tanzania kwa ajili ya wanunuzi wa upande ule.

Tuchukue mama wa Kashikishi mwenye laini kama hiyo. Anataka kuhamia kampuni nyingine ya Tanzania. Haanzii kwa kampuni anayoiacha, anaanzia kwa anayoiendea. Anakwenda dukani au kwa wakala wake akiwa na kitambulisho, na simu yenye laini ya zamani ikiwa inafanya kazi. Anajaza fomu ya kuomba kuhama, anakubali kwamba deni lolote la nyuma bado ni lake, kisha kutoka kwenye laini ile ya zamani anatuma neno HAMA kwenda 15080. Ujumbe huo ndio unaothibitisha kwamba namba iko mikononi mwake. Anapewa kadi mpya na kuambiwa asubiri.

Wakati anasubiri, kampuni mpya inapeleka ombi kwenye mfumo mmoja wa kati unaounganisha kampuni zote. Ya zamani inaulizwa: namba hii ni yenu, iko hai, haijafungiwa? Ikikubali, kadi ya zamani inazimwa, mpya inawashwa, na kampuni zote zinapewa taarifa kwamba simu za namba hiyo sasa zielekezwe kwingine. Mambo yakienda sawa ni kazi ya muda mfupi, lakini apange siku mbili za kazi. Asifike Tunduma Ijumaa jioni akitegemea kurudi nyumbani kesho yake.

Sasa, linalokwamisha. La kwanza, na kwa wafanyabiashara wa mpakani ndilo kubwa, ni jina. Mama yetu huenda alinunua laini zamani na mwenyeji wake wa Tunduma akamsajilia kwa kitambulisho chake. Tangu Tanzania ilipoanza kusajili laini kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa hivyo kuanza kuzimwa Januari 2020, laini ya namna hiyo ni ya mwenyeji kabisa, hata kama mama ndiye anayeitumia kila siku. Akiomba kuhama kwa pasipoti yake, taarifa hazitalingana. Abonyeze *106# kwenye laini hiyo aone usajili wake. Kama jina si lake, aende na mwenyeji kwenye duka la kampuni ya zamani, laini ihamishiwe jina lake kwanza. Ni kazi ya ziada, lakini hakuna njia ya mkato iliyo salama.

La pili ni ule ujumbe wa HAMA. Namba fupi kama 15080 ni za ndani ya nchi, hivyo asijaribu kuutuma akiwa Nchelenge. Hata Tunduma kuna mtego: simu inaweza kudaka mnara wa Nakonde, upande wa Zambia, na ujumbe ukakwama ingawa mtu amesimama ardhi ya Tanzania. Kabla ya kutuma aangalie jina la kampuni lililoandikwa kwenye kioo. Likiwa la Zambia, aingie kwenye mipangilio ya simu, azime uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja, achague kampuni yake ya Tanzania kwa mkono.

Yapo mengine madogo: namba iliyoandikwa vibaya kwenye fomu, laini iliyofungiwa, au namba iliyohama hivi karibuni, maana ukishahama unatakiwa kukaa siku 30 kabla ya kuhama tena. Salio la kukopa alilipe mapema.

Fedha ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko yote. Namba inahama, pochi ya fedha haihami. Salio la M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas linabaki kwa kampuni ya zamani, na vifurushi na muda wa maongezi hupotea. Atoe fedha zote kabla ya kutuma HAMA, kisha afungue pochi mpya baada ya kuhama. Awajulishe wanunuzi pia, kwa sababu wengi huangalia tarakimu za mwanzo na kudhani wanajua mtandao. Namba ya 075 inasomeka kama ya Vodacom hata ikiwa imeshahamia Airtel, na anayetuma malipo ataichagua kampuni isiyo sahihi.

Atajuaje kwamba amehama? Kadi ya zamani itapoteza mtandao. Hapo aweke mpya na apigiwe simu. Kadi zote mbili zikiwa kimya kwa saa kadhaa, arudi kwa kampuni mpya, kwani ndiyo iliyoomba na ndiyo yenye wajibu wa kufuatilia. Wasipomsaidia, apeleke malalamiko TCRA.

Kuna hitilafu moja inayochanganya watu: anapatikana kwa wengine, ila mume wake akipiga kutoka Nchelenge anaambiwa namba haipo. Hapo kadi haina kosa. Kampuni moja njiani bado inaipeleka simu mahali pa zamani. Ajaribu kupigiwa kutoka mitandao mbalimbali, aandike ni mtandao gani unaoshindwa na saa ngapi, aipe kampuni mpya taarifa hiyo kamili. Kusema tu kwamba simu haiingii hakuwaonyeshi waanzie wapi. Kusema simu kutoka Zamtel imeshindwa saa nne asubuhi kunawawezesha kuifuata.

Ajaribu pia ujumbe wa benki wenye namba za siri za muda akiwa bado Tunduma, maana huo nao unaweza kupelekwa njia ya zamani, na kurekebisha hilo kutoka Kashikishi ni vigumu zaidi.