Kuajiri Msaidizi wa Kwanza Kwenye Kinyozi: Hesabu, Majaribio na Malipo

Wenye vinyozi wengi katika miji yetu, kuanzia Nyeri mjini hadi Karatina, Othaya na Mweiga, huanza kazi peke yao. Wateja wakizidi, hasa Jumamosi na wiki ambayo shule zinafunguliwa, wengine huona foleni na kwenda kwingine. Hapo ndipo mwenye duka hufikiria kuajiri. Kabla ya kutafuta mtu, fanya hesabu.

Kwa wiki mbili, andika kwenye daftari kila mteja aliyegeuka mlangoni kwa sababu ulikuwa na kazi. Hao ndio watakaomlipa msaidizi. Wateja unaowahudumia tayari usiwahesabu.

Tuchukue mfano wa duka linalonyoa kwa shilingi 100 na kufunguliwa siku 26 kwa mwezi. Spiriti, wembe, poda na stima hugharimu takriban shilingi 10 kwa kila kichwa, kwa hivyo zinabaki 90. Tuseme msaidizi analipwa shilingi 18,000 kwa mwezi. Juu ya hizo, mwajiri hulipa asilimia 6 kwa NSSF na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, yaani shilingi 1,350. Jumla ni 19,350. Ukigawanya kwa 90, unapata vichwa 215 kwa mwezi, au takriban vinane hadi tisa kwa siku. Ikiwa daftari lako linaonyesha wateja watatu tu wanaogeuka kwa siku, bado hujafika wakati wa kuajiri.

Mfano huu ni wa kufundishia hesabu tu. Kima cha chini cha mshahara hutegemea kazi na mahali, na hubadilishwa mara kwa mara. Uliza ofisi ya leba iliyo karibu nawe, na usisahau marupurupu ya nyumba.

Je, ulipe mshahara au kwa kichwa? Malipo ya kichwa pekee huonekana rahisi, lakini wiki ya mvua na baridi msaidizi hurudi nyumbani mikono mitupu. Akipata duka lingine anaondoka, na wateja aliowazoea humfuata. Tena, malipo ya kichwa hayakuondolei wajibu wa kima cha chini. Njia inayofaa ni kuchanganya: mshahara wa 18,000, na shilingi 30 kwa kila kichwa baada ya cha 240. Akinyoa vichwa 12 kwa siku, atafikisha 312 kwa mwezi na kupata nyongeza ya 2,160. Baada ya kumlipa, kutoa michango na gharama za vifaa, duka hubaki na shilingi 6,408 kabla ya kodi ya chumba.

Mwezi wa kwanza hautakuwa hivyo. Akinyoa vichwa vinne kwa siku, ataingiza 9,360 tu baada ya vifaa, na utajazia karibu shilingi 10,000. Weka akiba ya miezi miwili ya upungufu huo kabla ya kumwita.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 6. Kinaweza kuongezwa kwa miezi 6 mingine, msaidizi akikubali. Katika kipindi hicho, anayetaka kuvunja mkataba hutoa notisi ya siku 7 au hulipa mshahara wa siku hizo. Majaribio si kazi ya bure: mshahara unalipwa. Kazi ya miezi 3 au zaidi inahitaji mkataba wa maandishi. Usipokuwa nao na mkafika mahakamani, mzigo wa kukanusha anachodai msaidizi kuhusu masharti utakuwa wako.

Kwa kinyozi, miezi 3 hutosha. Wiki mbili za kwanza, mfundishe kutunza mashine: kupiga brashi nywele zote kwanza, kisha kupaka spiriti na kutia mafuta, kwa kuwa spiriti haifiki vizuri penye nywele na uchafu. Mfundishe pia kutambua choa kichwani. Kisha mpe vichwa vya kunyolewa sawasawa, na mwezi wa pili mistari na fedi. Wembe ni mpya kwa kila mteja.

Angalia shingo ya mteja. Mikwaruzo humaanisha meno ya mashine yamewekwa nje mno au mkono unakandamiza. Jambo hilo hurekebishika. Anayerudia wembe, au anayeruka spiriti usipokuwepo, usimthibitishe. Mwezi wa tatu, hesabu wangapi kati ya wateja wake wamerudi.

Mwisho, kila jioni hesabuni vichwa pamoja na mtie sahihi daftarini, na malipo yote ya simu yaingie kwenye nambari ya duka. Ugomvi mwingi wa nyongeza huanzia kwenye vichwa ambavyo havikuandikwa.