Mchanga wa Pwani Hubeba Mzigo Gani?

Katika pwani ya Tanga, baadhi ya nyumba husimama juu ya mwamba wa matumbawe, na nyingine juu ya mchanga. Mchanga mkavu hauna mshikamano. Chembe zake hushikiliwa na msuguano tu. Msuguano huo hutegemea uzito wa mchanga wenyewe. Kwa hiyo, kitu chochote kipunguzacho uzito huo hupunguza pia nguvu ya msingi.

Mwaka 1943 Karl Terzaghi aliandika mlinganyo wa mzigo unaoweza kuvunja ardhi chini ya msingi mrefu wa ukuta:

q = cNc + γDNq + ½γBNγ

Hapa c ni mshikamano, γ ni uzito wa mita moja ya ujazo ya udongo, D ni kina cha msingi, na B ni upana wake. Nc, Nq na Nγ ni vizidisho vinavyotegemea pembe ya msuguano. Kwa mchanga, c = 0; hivyo sehemu ya kwanza hutoweka. Sehemu ya pili ni mchango wa mchanga wa pembeni, ambao huuzuia ule wa chini usisukumwe juu.

Tuchukue mfano. Ukuta una mzigo wa kilonyutoni 45 kwa kila mita ya urefu. B = 0.6 m, D = 0.5 m, γ = 17 kN/m³, na pembe ya msuguano ni 30°. Kwa pembe hiyo, jedwali la Meyerhof hutoa Nq = 18.4 na Nγ = 15.7.

q = 17 × 0.5 × 18.4 + ½ × 17 × 0.6 × 15.7
= 156.4 + 80.1 = 236.5 kN/m²

Kwa usalama tunagawanya kwa 3, tupate 78.8. Ukuta hukandamiza 45 ÷ 0.6 = 75 kN/m². Msingi unafaa.

Lakini wakati wa masika maji ya ardhini huweza kupanda hadi usawa wa ardhi. Maji huzieleza chembe, na uzito wa mchanga unaofanya kazi hushuka hadi kama 10 kN/m³. Sasa:

q = 92.0 + 47.1 = 139.1 kN/m²

Tukigawanya kwa 3 tunapata 46.4 tu, ilhali ukuta bado hukandamiza 75. Msingi uliofaa wakati wa kiangazi haufai tena, ingawa haukuongezwa hata tofali moja.

Tukiupanua msingi hadi 0.9 m, q huwa 92.0 + 70.7 = 162.7, theluthi yake ni 54.2. Mkandamizo nao hushuka hadi 50. Msingi unafaa hata katika maji. Hata hivyo, mlinganyo huu hupima kuvunjika kwa ardhi tu. Mchanga uliolegea huweza kudidimia na kupasua ukuta kabla ya kufikia kikomo hicho. Kudidimia hupimwa kwa hesabu nyingine.

Zoezi: Mvua imechukua mchanga wa pembeni mwa msingi huo wa 0.9 m, D ikabaki 0.2 m. Je, bado unafaa wakati maji yamejaa? (Jibu: Haufai, theluthi ya q ni 35.8 kN/m².)