Mkopo usio na riba kwa mkurugenzi: namna ya kuuingiza kwenye vitabu na kuyeyusha punguzo lake

Mwongozo huu ni wa wahasibu wa kampuni zinazoandaa taarifa za fedha kwa viwango vya kimataifa. Unahusu jambo moja: kampuni imemkopesha mkurugenzi wake fedha bila riba, atazirudisha baada ya miaka kadhaa. Kosa la kawaida ni kuandika kiasi kilichotoka benki na kukiacha hapo hadi siku ya kulipwa. Kiwango cha IFRS 9 hakikubali hivyo. Kinataka mkopo uingizwe siku ya kwanza kwa thamani ya haki, na shilingi itakayolipwa baada ya miaka mitatu haina thamani sawa na shilingi iliyotoka leo. Kampuni zinazotumia kiwango cha kampuni ndogo na za kati nazo hupita njia hiyohiyo.

Tutatumia mfano mmoja. Kampuni ya Dar es Salaam inampa mkurugenzi mwajiriwa Sh 60,000,000 tarehe 1 Januari 2025. Hakuna riba. Atalipa zote kwa mkupuo tarehe 31 Desemba 2027. Mkataba unasema akiacha kazi kabla ya hapo, deni lote linaiva siku anayoondoka. Mkurugenzi huyu hana hisa katika kampuni.

1. Soma mkataba kwanza

Kabla ya kushika kikokotoo, tafuta tarehe ya kulipa. Ikiwa mkataba unasema kampuni inaweza kudai fedha zake wakati wowote, hakuna cha kupunguza: kampuni ikidai leo itapata Sh 60,000,000 leo, kwa hiyo mkopo unaandikwa kwa kiasi hicho. Hesabu zilizobaki katika mwongozo huu zinahusu mkopo wenye muda maalumu tu.

Shida huanza pale ambapo hakuna mkataba, ila sentensi moja kwenye muhtasari wa kikao cha bodi: "Mkurugenzi apewe mkopo wa Sh 60,000,000." Usibuni muda wa miaka mitatu kwa kuwa mtu amekwambia kwa mdomo. Mwombe katibu wa kampuni makubaliano yaliyosainiwa. Yakikosekana, pata maoni ya mwanasheria kama deni hilo linadaika wakati wowote, kisha yaweke kwenye faili la hesabu. Sheria za kampuni nazo huweka masharti kwa mikopo ya wakurugenzi, hivyo hakikisha idhini inayotakiwa ilipatikana kabla fedha hazijatoka.

2. Chagua riba ya soko

Riba unayoitafuta ni ile ambayo mkurugenzi huyu angetozwa na mkopeshaji asiye na uhusiano naye, kwa mkopo wa shilingi, wa miaka mitatu, wenye dhamana kama hiyo au usio na dhamana kama huo. Kwa sababu hiyo, riba ambayo kampuni yenyewe inalipa kwenye overdrafti yake haifai. Hiyo inapima uwezo wa kampuni, siyo wa mkurugenzi. Wala usichukue riba ya dhamana za serikali, kwa kuwa mkurugenzi siyo serikali. Bei za mikopo binafsi kutoka benki mbili au tatu, zikiwa zimechapwa na kuhifadhiwa, ni ushahidi mzuri mbele ya mkaguzi.

Katika mfano wetu tuseme riba hiyo ni asilimia 15 kwa mwaka. Uchaguzi huu una uzito: kwa asilimia 18, thamani ya siku ya kwanza ingeshuka kwa karibu Sh milioni 2.9 zaidi. Ukishaichagua, riba hiyo inabaki ileile kwa maisha yote ya mkopo. Soko likipanda au kushuka mwaka 2026, hurudi nyuma kuibadilisha.

3. Pata thamani ya siku ya kwanza

Mkopo unaolipwa kwa mkupuo una hesabu fupi. Kwenye jedwali la kompyuta andika:

```
=60000000/(1.15^3)
```

Jibu ni Sh 39,450,974. Hiyo ndiyo thamani ya haki. Tofauti yake na fedha zilizotoka, Sh 20,549,026, ndiyo punguzo. Mkopo unaolipwa kwa awamu unataka kila awamu ipunguzwe kwa muda wake yenyewe. Awamu zikiwa za kila mwezi, tumia riba ya mwezi.

4. Amua punguzo linakwenda wapi

Hapa ndipo panapohitaji akili kuliko hesabu. Kampuni imetoa milioni 60 na kupata mali ya milioni 39.5. Milioni 20.5 zilizobaki zimenunua nini? Jibu linategemea sababu ya mkopo kutolewa.

Kama mkurugenzi amepewa kwa kuwa ni mfanyakazi, tofauti hiyo ni sehemu ya malipo yake, na inafuata kiwango cha mafao ya wafanyakazi, IAS 19. Kama ataendelea kufaidika pale tu anapoendelea kufanya kazi, kama ilivyo kwenye mfano wetu, tofauti inaandikwa kuwa gharama ya wafanyakazi iliyolipwa kabla, kisha inahamishiwa kwenye gharama kadiri anavyotumikia. Kama haimlazimu kubaki, mathalani mkopo ni zawadi ya kazi aliyokwisha kufanya, yote inakuwa gharama siku hiyohiyo.

Kama amepewa kwa kuwa ni mwenye hisa, tofauti siyo gharama kabisa. Ni mgawo kwa mwenye mali, na inakatwa moja kwa moja kwenye mtaji na faida zilizolimbikizwa. Dalili ya hali hii ni rahisi kuiona: mkurugenzi ni mwenye hisa nyingi, na hakuna mfanyakazi mwingine wa ngazi yake aliyepewa mkopo wa aina hiyo.

Maingizo ya tarehe 1 Januari 2025 katika mfano wetu ni haya:

Debiti: Mkopo wa mkurugenzi, kiasi cha mkataba – 60,000,000
Krediti: Punguzo ambalo halijayeyuka – 20,549,026
Debiti: Gharama ya wafanyakazi iliyolipwa kabla – 20,549,026
Krediti: Benki – 60,000,000

Tumetenga akaunti mbili kwa makusudi. Mkurugenzi bado anadaiwa Sh 60,000,000 kamili, na barua ya uthibitisho wa salio ambayo mkaguzi atamtumia itarudi na kiasi hicho. Ukiwa na akaunti moja yenye 39,450,974, utatumia siku nzima kueleza kwa nini hailingani na barua. Kwenye mizania akaunti hizi mbili zinaonyeshwa kama salio moja lililopunguzwa.

5. Yeyusha punguzo kila mwaka

Kila mwisho wa mwaka, zidisha salio la mwanzo wa mwaka kwa asilimia 15. Kiasi unachopata ni mapato ya riba, ingawa hakuna fedha iliyoingia. Ingizo ni debiti kwa punguzo ambalo halijayeyuka, krediti kwa mapato ya riba.

Mwaka 2025: riba 5,917,646, salio la mwisho 45,368,620
Mwaka 2026: riba 6,805,293, salio la mwisho 52,173,913
Mwaka 2027: riba 7,826,087, salio la mwisho 60,000,000

Riba inakua kila mwaka kwa sababu salio linakua. Anayegawa punguzo kwa tatu amekosea, hata kama jumla inatimia. Ukaguzi wako mwenyewe ni huu: riba za miaka mitatu zikijumlishwa lazima zitoe 20,549,026, na salio siku ya kuiva lazima liwe 60,000,000, kabla mkurugenzi hajalipa.

Upande wa pili, gharama iliyolipwa kabla inagawanywa sawasawa kwa miaka ya utumishi, takribani Sh 6,849,675 kwa mwaka. Kwa hiyo mwaka wa kwanza faida inapungua kwa Sh 932,029, wa pili kwa Sh 44,382, na wa tatu inaongezeka kwa Sh 976,411. Jumla ni sifuri. Wakurugenzi wengi huuliza kwa nini wajisumbue ikiwa mwisho ni sifuri. Mwambie muulizaji kwamba bila maingizo haya gharama za wafanyakazi zingeonekana ndogo kuliko zilivyo, na mali kubwa kuliko ilivyo, kwa miaka mitatu mfululizo. Mkopo ungekuwa wa mwenye hisa, athari isingekuwa sifuri kwenye faida: riba ingeingia kwenye faida, ilhali punguzo lingekatwa kwenye mtaji.

6. Mambo yanapobadilika

Tuseme mkurugenzi anajiuzulu tarehe 31 Desemba 2026 na kulipa Sh 60,000,000 siku hiyo. Salio la vitabu ni 52,173,913, hivyo punguzo lililobaki, Sh 7,826,087, linaingia kwenye faida mara moja. Wakati huohuo gharama iliyolipwa kabla iliyobaki, Sh 6,849,676, inafutwa. Wahasibu wengi hukumbuka la kwanza na kusahau la pili, na mali isiyokuwepo inabaki kwenye mizania.

Bodi ikimwongezea muda bila riba, hiyo ni faida mpya anayopewa. Usisogeze tu tarehe kwenye jedwali. Pima upya, na upungufu uushughulikie kwa kanuni za hatua ya 4.

Usisahau pia kutenga kiasi cha hasara inayotarajiwa. Kuyeyusha punguzo kunapima muda, hakupimi uwezekano kwamba mkurugenzi hatalipa.

7. Kodi na maelezo

Hesabu ya kodi inafanywa pembeni. Tanzania, faida ya mkopo wa mwajiri hupimwa kwa riba ya kisheria inayotokana na kiwango cha Benki Kuu, siyo kwa asilimia 15 yetu. Kenya, mwajiri hulipa kodi ya marupurupu ya asilimia 30, ikipimwa kwa riba ya soko inayotangazwa na mamlaka ya kodi kila robo mwaka. Usihamishe tarakimu za upande mmoja kwenda mwingine.

Kwenye maelezo ya taarifa za fedha, IAS 24 inataka uhusiano, kiasi, salio na masharti yaonyeshwe. Taja kwamba hakuna riba, taja tarehe ya kulipa, na onyesha Sh 60,000,000 za mkataba pamoja na salio lililopunguzwa. Faida aliyopata mkurugenzi iingie kwenye jumla ya malipo ya viongozi wakuu.

Andaa jedwali la kuyeyusha punguzo siku mkataba unaposainiwa, uliweke kwenye faili pamoja na ushahidi wa riba na idhini ya bodi. Likisubiri hadi mkaguzi afike, riba ya soko ya siku ile itakuwa ngumu kuithibitisha.