Shilingi 20,000 kati ya akaunti mbili: sifa za ACID katika muamala wa pesa za simu

Kutuma pesa kwa simu ni kuandika mara mbili kwenye hifadhidata. Mama anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, akimlipa mvuvi shilingi 20,000, hakuna noti inayosafiri. Salio la mama linapunguzwa, salio la mvuvi linaongezwa, basi. Tuseme akaunti ya mama ni namba 101 na ina shilingi 50,000, na ya mvuvi ni namba 202 na ina shilingi 8,000. Kabla ya kutuma, jumla ya akaunti hizo mbili ni shilingi 58,000, na baada ya kutuma lazima ibaki 58,000. Ugumu wote umo kati ya andiko la kwanza na la pili, kwa sababu hapo katikati umeme unaweza kukatika, programu ikaanguka, au ombi jingine likaingia kwenye akaunti ile ile.

Kuandika huko mara mbili kunapofungwa pamoja na kuwa kitu kimoja, kunaitwa muamala. Mwaka 1983 Theo Härder na Andreas Reuter, wakijenga juu ya kazi ya Jim Gray, walizipa sifa nne za muamala jina la ACID, herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza. Kwa Kiswahili sifa hizo ni kutogawanyika, uthabiti, utengano na udumu. Mifano inayofuata inatumia PostgreSQL, hifadhidata ambayo mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye kompyuta yake bila malipo na kujaribu kila hatua.

```sql
BEGIN;
UPDATE akaunti SET salio = salio - 20000
 WHERE namba = 101 AND salio >= 20000;
UPDATE akaunti SET salio = salio + 20000
 WHERE namba = 202;
COMMIT;
```

Kutogawanyika maana yake ni yote au hakuna. Njia nzuri ya kuliona hili ni kufungua madirisha mawili ya `psql`. Katika dirisha la kwanza inaandikwa `BEGIN` na `UPDATE` ya kwanza, kisha mkono unaachwa hapo. Ukisoma salio ndani ya dirisha hilo unapata 30,000. Ukilisoma katika dirisha la pili bado ni 50,000, kwa kuwa muamala haujathibitishwa. Sasa dirisha la kwanza likifungwa ghafla, hifadhidata inalitupa badiliko lile, na akaunti 101 inabaki na shilingi 50,000 kana kwamba hakuna aliyeigusa. Mvuvi hajapata kitu, lakini na mama hajapoteza kitu.

Kuna mtego mmoja hapa ambao waandishi wa programu wengi huuonja kabla ya kuujua. Kwa hifadhidata, `UPDATE` isiyopata mstari wowote wa kubadilisha si kosa. Namba ya mvuvi ikikosewa, tuseme 220 badala ya 202, amri ya pili inajibu `UPDATE 0` kwa utulivu, kisha `COMMIT` inapita. Mama amekatwa shilingi 20,000 na hakuna aliyeongezewa. Muamala haukugawanyika, amri zote mbili zimetekelezwa, ila moja haikuwa na kazi. Kinyume chake nacho kinatokea: salio la mama likiwa dogo, sharti la `salio >= 20000` linaizuia amri ya kwanza, lakini ya pili inaendelea na mvuvi anapata pesa zisizotoka popote. Kwa hiyo baada ya kila `UPDATE` programu ihesabu mistari iliyobadilika. Isipokuwa mmoja kamili, iamuru `ROLLBACK`.

Uthabiti ndiyo sifa inayoeleweka vibaya kuliko zote. Hifadhidata inalinda kanuni zile tu ilizoambiwa. Ikiwekewa `CHECK (salio >= 0)` kwenye jedwali, haitakubali salio hasi hata programu ikikosea. Lakini mwandishi akiandika +2000 mahali pa +20000, kanuni hiyo haina la kusema, kwa kuwa masalio yote mawili ni chanya. Ndiyo maana mifumo ya pesa iliyojengwa vizuri haitegemei safu ya salio peke yake. Huwa na leja ambamo kila muamala unaandikwa kwa mistari miwili, −20,000 kwa anayetuma na +20,000 kwa anayepokea, na jumla ya mistari ya kila muamala lazima iwe sifuri. Kosa la +2000 linaonekana siku hiyo hiyo leja inapojumlishwa.

Utengano ndio wenye mambo mengi. Mama yule akiwa anatuma shilingi 20,000, ombi lake jingine la kununua umeme wa LUKU wa shilingi 15,000 linafika sekunde ile ile. Tuseme programu imeandikwa kwa mtindo unaomjia mtu haraka: soma salio, fanya hesabu ndani ya programu, rudisha jibu. Ombi la kwanza linasoma 50,000. Ombi la pili nalo linasoma 50,000. La kwanza linaandika 30,000, na la pili, lisilojua kilichotokea, linaandika 35,000 juu yake. Mvuvi amepokea, LUKU imelipwa, na mama ana shilingi 35,000 wakati alipaswa kuwa na 15,000. Shilingi 20,000 zimezaliwa. Kila ombi lilikuwa ndani ya muamala wake, tena likathibitishwa vizuri, na hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotokea.

Wengi hudhani kuandika `BEGIN` na `COMMIT` kunatosha kuzuia hili. Hakutoshi. Utengano una viwango, na kiwango ambacho PostgreSQL huanza nacho, `READ COMMITTED`, kinahakikisha tu kwamba muamala hausomi kitu ambacho mwingine haujakithibitisha. Hakimzuii anayeandika jibu lililotokana na salio la zamani. Kiwango cha `REPEATABLE READ` katika PostgreSQL kinaligundua tatizo hili: muamala wa pili unakataliwa kwa kosa namba `40001`, na programu inapaswa kuuanza upya. MySQL inayotumia InnoDB ina kiwango chenye jina hilo hilo, lakini yenyewe hailigundui na inaacha andiko la pili lipite. Jina moja si ahadi moja, na anayehamisha mfumo wa pesa kutoka hifadhidata moja kwenda nyingine ajaribu hili kwa mikono yake kabla ya kuamini.

Dawa rahisi ni kuiachia hifadhidata hesabu yenyewe, kama ilivyo katika amri za juu. `salio = salio - 20000` haileti salio kwenye programu hata kidogo. Muamala wa kwanza unaufunga mstari wa akaunti 101, wa pili unasubiri mlangoni, na wa kwanza ukithibitishwa wa pili unalitazama sharti upya juu ya salio jipya la 30,000, kisha unatoa 15,000. Jibu ni 15,000, na ni sahihi. Pale programu inapolazimika kusoma kwanza, kwa mfano ili kukagua kikomo cha siku, mistari ifungwe wakati wa kusoma:

```sql
SELECT namba, salio FROM akaunti
 WHERE namba IN (101, 202)
 ORDER BY namba FOR UPDATE;
```

Ule mpangilio wa `ORDER BY namba` una kazi yake. Bila huo, mama akimtumia mvuvi wakati mvuvi anamtumia mama, muamala mmoja unaweza kufunga 101 na kuisubiri 202, huku mwingine ukifunga 202 na kuisubiri 101. Hakuna atakayemwachia mwenzake. PostgreSQL husubiri sekunde moja kabla ya kuchunguza mkwamo wa namna hii, kisha huukatisha muamala mmoja kwa kosa `40P01`. Kosa hilo likionekana mara kwa mara kwenye kumbukumbu za seva, karibu kila mara kuna sehemu ya programu inayofunga akaunti kwa mpangilio tofauti na nyingine. Kila sehemu ikianza na namba ndogo, mkwamo wa akaunti mbili hauwezi kutokea.

Udumu ni ahadi kwamba kilichothibitishwa hakipotei. PostgreSQL huandika kila badiliko kwanza kwenye daftari la mfuatano liitwalo WAL, na `COMMIT` hairudishi jibu mpaka maandishi hayo yawe yamefika kwenye diski yenyewe. Seva ikizimika na kuwaka tena, daftari linasomwa na miamala iliyothibitishwa inarejeshwa. Subira hiyo ya diski ina gharama, na anayetafuta kasi anaweza kuweka `synchronous_commit = off`. Kwa mpangilio wa kawaida, hatua hiyo inaweza kupoteza miamala ya muda unaofika milisekunde 600 kabla ya kuzimika. Kwenye jedwali la takwimu za matangazo haidhuru. Kwenye akaunti za watu ni kosa, kwa kuwa mvuvi anaweza kuwa ameshapata meseji ya kupokea pesa ambazo hifadhidata haizikumbuki tena. Kwa sababu hiyo hiyo meseji itumwe baada ya `COMMIT` kurudi, kamwe isitumwe kabla.

Kuupima udumu kunahitaji uangalifu. Kuiua PostgreSQL kwa `kill -9` kunaonyesha kwamba daftari linasomwa vizuri, lakini hakupimi diski, maana mfumo wa uendeshaji bado uko hai na unashikilia maandishi ambayo hayajafika chini. Kipimo cha kweli ni kuchomoa waya wa umeme wa kompyuta ya majaribio. Na diski ikiungua kabisa, daftari linaungua nayo, hivyo mfumo wa pesa huhitaji nakala kwenye mashine ya pili.

Sifa hizi zina mpaka wake. Hifadhidata haijui kwamba maombi mawili ni ombi moja lililorudiwa. Mtandao ukikatika baada ya `COMMIT` lakini kabla ya jibu kumfikia mama, simu itatuma tena, na muamala wa pili utatimiza sifa zote nne huku ukimkata mara ya pili. Kinga yake ni kila ombi kubeba namba ya kumbukumbu inayotengenezwa kabla ya kutumwa, na namba hiyo kuandikwa ndani ya muamala ule ule kwenye safu yenye `UNIQUE`. Ombi likirudi, linagonga kosa `23505`, na programu inajibu kwamba kazi ilishafanyika.

Mpaka wa pili ni pale mpokeaji anapokuwa mtandao mwingine. Akaunti mbili ziko kwenye hifadhidata mbili za kampuni mbili, na hakuna `COMMIT` moja inayozifunga kwa namna iliyoelezwa hapa. Pesa za mama zinawekwa kando kama zinazosubiri, upande wa pili unaulizwa, na ukikataa zinarudishwa kwa muamala mpya. Upande wa pili usipojibu, hali inabaki ya kusubiri mpaka ijulikane. Kurudisha pesa kwa kukisia tu kwamba hazikufika ndiko kunakolipa mara mbili.