Taarifa ya bodi kwa mkutano mkuu: aya ya mikopo iliyochelewa ndiyo wanachama wanaingoja

Leo tunaacha kidogo mnyauko wa migomba na bei ya maganda. Kila mwanzo wa mwaka napigiwa simu na vijana wa Isingiro, Kaisho na huku Karagwe waliochaguliwa kwenye bodi za SACCOS zao. Habari ni ileile: "Bwana shamba, wazee wamesema mimi nimesoma, kwa hiyo niandike taarifa ya mwaka. Naanzia wapi?"

Nitajibu kwa mfano mmoja. Chama ni cha wakulima wa kahawa na maharage, mwaka wake wa fedha unaisha 31 Desemba. Jina sitaji na namba ni za kufundishia, ila mambo yenyewe nimeyaona zaidi ya mara moja.

Kabla hujaandika, weka vitu vinne mezani

Cha kwanza ni muhtasari wa mkutano mkuu uliopita. Cha pili ni hesabu zilizokaguliwa na COASCO au mkaguzi mwingine aliyeidhinishwa, pamoja na barua yake kwa bodi. Cha tatu ni orodha ya mikopo yote ilivyosimama siku ya mwisho wa mwaka, ikionyesha kila mkopo umechelewa siku ngapi. Cha nne ni masharti ya chama.

Taarifa anza na muhtasari, siyo na salamu ndefu wala historia ya chama. Andika kila azimio la mwaka jana na chini yake sema limefanyika, halijafanyika, au limefanyika nusu na kwa nini. Wanachama wanakumbuka walichopitisha. Kama waliazimia kununua kabati la chuma la kutunzia fedha na halijanunuliwa, usiporuke hapo. Andika tu: "Halijanunuliwa, kwa sababu fedha zake zilitumika kulipa ukaguzi."

Na kitu kimoja usikiguse: taarifa ya kamati ya usimamizi. Ile kamati inawasimamia ninyi bodi, kwa hiyo inaandika yake na kuisoma yenyewe. Ukiwaandikia, mwanachama mmoja tu akijua, taarifa zote mbili zimekufa.

Asilimia 8 au asilimia 15?

Sasa tuje kwenye aya inayovunja mikutano. Chama cha mfano wetu kilikuwa na mikopo ya shilingi 120,000,000 mikononi mwa wanachama hadi 31 Desemba. Mikopo 36 ilikuwa imechelewa. Kijana aliyeandika rasimu alijumlisha marejesho yote ambayo yalitakiwa kulipwa na hayakulipwa, akapata 9,600,000. Akaandika: "Mikopo iliyochelewa ni asilimia 8."

Barua ya mkaguzi ilisema asilimia 15. Hakuna aliyedanganya. Mkaguzi alihesabu salio lote la ile mikopo 36, siyo marejesho yaliyorukwa peke yake. Salio hilo ni 18,000,000, na 18,000,000 ukigawa kwa 120,000,000 ni asilimia 15. Sababu yake ni rahisi: mtu akishaanza kushindwa kulipa, fedha iliyo hatarini siyo rejesho la mwezi uliopita tu, ni yote aliyobaki nayo.

Kwa hiyo tumia hesabu ya mkaguzi, na ueleze maana yake kwa sentensi moja. Ukiweka asilimia 8 kwenye taarifa na mwanachama akasikia asilimia 15 dakika kumi baadaye mkaguzi anaposomewa, hutapata tena nafasi ya kueleza. Kanuni yangu ni hii: kila namba iliyo kwenye taarifa ya bodi ionekane vilevile kwenye hesabu zilizokaguliwa. Pitia na kalamu nyekundu, namba kwa namba. Isiyoonekana kule, iondoe au uliza mhasibu imetoka wapi.

Imechelewa kwa nini?

Namba pekee haitoshi. Rasimu ile iliendelea: "Changamoto ni baadhi ya wanachama kutorejesha mikopo kwa wakati." Sentensi hiyo imeandikwa kila mwaka katika kila chama, na haimsaidii mtu kuamua chochote. Tulikaa na orodha, tukaipanga ile mikopo 36 kwa sababu zake. Yakatoka mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mikopo 20 ya kahawa, salio 9,000,000, yaani nusu ya deni lote lililochelewa. Hii tuliitazama mmoja mmoja. Mwanachama alichukua 1,200,000 Januari ya kupalilia, kuweka matandazo na kulipa vibarua. Chama kikampangia kurejesha 100,000 kila mwezi kuanzia Februari, juu yake riba. Lakini robusta yetu inaanza kuvunwa Mei, inaanikwa wiki kadhaa hadi maganda yakauke, inapelekwa AMCOS, inasubiri mnada, ndipo malipo yanaingia. Mpaka Julai huyu mtu alikuwa amerukwa na marejesho sita, na faini inapanda.

Malipo ya kahawa yalipoingia, Agosti akaleta 600,000 na Septemba 300,000. Jumla 900,000. Utaratibu wa chama hiki unakata faini na riba kwanza, zikaenda 200,000. Mtaji ukapungua kwa 700,000 tu, akabaki na salio la 500,000. Desemba akahesabiwa mdaiwa sugu, wakati fedha ya kahawa alileta. Tatizo hapa ni ratiba ya mkopo isiyofuata kalenda ya zao.

Fungu la pili ni mikopo 12 ya maharage, salio 3,500,000. Mvua iliwakuta wakati wa kuvuna, maharage yakaota kwenye maganda. Hawa wana hasara ya kweli, wanahitaji kupangiwa upya.

Fungu la tatu ni mikopo minne tu, lakini salio lake ni 5,500,000. Hapa hakuna mvua wala mnada. Ni watu wenye uwezo ambao hawajalipa, na mmoja wao ni mjumbe wa bodi mwenye 2,500,000.

Mwenyekiti alitaka fungu hili liunganishwe na mengine. Nilimwambia, "Mzee, ukilificha, litasemwa na mtu wa nyuma kabisa ya ukumbi, na litasemwa vibaya." Mkopo wa mwanachama wa kawaida hausomwi kwa jina hadharani, hiyo ni siri yake na chama. Lakini mikopo ya viongozi iandikwe kama fungu: wangapi, kiasi gani, kiasi gani kimechelewa. Yule mjumbe alikubali, akaanza kulipa kabla ya mkutano, na hilo nalo likaandikwa.

Aya ikawa hivi:

"Ndugu wanachama, hadi 31 Desemba mikopo 36 ilikuwa imechelewa. Salio lake lote ni shilingi 18,000,000, sawa na asilimia 15 ya mikopo yote. Nusu ya fedha hizo ni mikopo ya kahawa ambayo tuliitaka ianze kulipwa Februari, kabla ya mavuno. Hilo ni kosa la bodi katika kupanga ratiba. Mikopo 12 imekwama kwa hasara ya maharage. Mikopo minne, ukiwemo mmoja wa mjumbe wa bodi, imecheleweshwa bila sababu ya msimu, na ufuatiliaji wake umeanza. Bodi inaomba mkutano ukubali mikopo ya kahawa ianze kurejeshwa Agosti, kuanzia msimu huu."

Angalia mwisho wake. Aya imeishia kwenye ombi linaloweza kupigiwa kura. Ndiyo tofauti yake na "changamoto".

Mbona gawio limepungua?

Swali linalofuata huwa hilo. Mwaka uliotangulia chama kilikuwa na ziada ya 8,100,000. Mwaka huu mapato yalizidi matumizi kwa 9,800,000, lakini taarifa inasema ziada ni 5,600,000. Mwanachama anauliza: 4,200,000 zimeliwa na nani?

Hazijaliwa. Zimewekwa tengo, yaani chama kimekubali kwenye vitabu kwamba sehemu ya mikopo iliyochelewa huenda isirudi, kikaipunguza kwenye ziada mapema. Mdaiwa bado anadaiwa. Akilipa, fedha inarudi kwenye mapato ya mwaka huo. Eleza hivyo, kisha rudi kwenye aya ya mikopo, maana ndiyo iliyokula gawio.

Eleza pia kwamba ziada siyo noti zilizoko kwenye kabati. Sehemu kubwa yake tayari imekopeshwa. Chama kinaweza kuwa na ziada ya milioni tano na benki ikawa na milioni mbili. Na kabla ya gawio, akiba ya lazima inatengwa kwanza kama sheria na masharti yanavyotaka. Usiandike kiwango cha gawio kana kwamba kimeshapita. Bodi inapendekeza, mkutano unaamua.

Kuisoma ukumbini

Kurasa nne au tano zinatosha. Jedwali moja dogo la miaka miwili kwa upande: wanachama, hisa, akiba, mikopo, iliyochelewa, ziada. Mengine yote yawe maneno. Nakala iwafikie wanachama pamoja na tangazo la mkutano, kwa siku zilizotajwa kwenye masharti. Ukiigawa asubuhi ileile, watu watasoma wakati unaongea.

Jaribu kuisoma kwanza kwa mtu asiye kwenye bodi. Mimi humwomba mama mmoja muuza ndizi anisikilize. Akiniuliza "tengo ni nini?" najua sentensi ile haijaiva. Na kama wazee wengi ukumbini wanasikia Kinyambo vizuri kuliko Kiswahili cha vitabu, ile aya ya mikopo irudiwe kwa Kinyambo, na namba zilezile.

Mkutano wa chama kile ulichukua karibu saa nzima kwenye aya moja, na ratiba mpya ikapita. Msimu uliofuata kijana mmoja wa pale aliniambia amekopa Machi bila woga wa Aprili. Kabla ya hapo alikuwa akiuza butura, kahawa ikiwa bado ya kijani mtini, kwa bei anayotaka mnunuzi.

Kama unaandika ya chama chako sasa hivi, usinitumie taarifa yote. Nitumie ile aya ya mikopo iliyochelewa bila majina ya watu, tuiangalie pamoja.