Unaweza lini? Somo la kuandika ujumbe wa kura ya muda wa kikao

Katika somo la leo nitakueleza kosa langu mwenyewe, nililolifanya nikiwa katibu wa kamati ya kujitolea hapa Cibitoke, Bujumbura. Tulikuwa wajumbe tisa, ndugu sita na dada watatu, na kazi yetu ilikuwa kuandaa masomo ya ziada kwa watoto wa darasa la tisa wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa. Kikao kimoja kilikosa akidi, na masomo yakaanza wiki mbili nyuma ya mpango. Kwa mtoto anayehesabu siku za mtihani, wiki mbili si kitu kidogo. Chanzo chake kilikuwa ujumbe wangu mmoja wa WhatsApp.

Niliandika hivi: "Ndugu, tukutane lini? Pigeni kura." Chini yake nikaweka kura yenye nyakati tatu: Ijumaa saa moja usiku, Jumamosi saa tano asubuhi na Jumapili saa tisa alasiri. Nikaiweka kura ile kwa namna ambayo kila mtu anachagua jibu moja tu, kwa sababu niliona hivyo ndivyo kura inavyokuwa. Matokeo yakaja haraka: Ijumaa kura nne, Jumamosi tatu, Jumapili mbili. Nikatangaza Ijumaa.

Ijumaa ilipofika tukakaa watu wanne. Kanuni yetu inataka wajumbe watano kati ya tisa ndipo uamuzi upite. Tulikunywa chai, tukaangaliana, tukaondoka bila kuamua kitu.

Kosa lilikuwa wapi

Kwanza niliwalaumu wasiokuja. Kisha nikatazama hesabu tena. Wanne walichagua Ijumaa na wanne walikuja, maana yake hakuna aliyenidanganya. Watano waliobaki walikuwa wameshaniambia kwa kura zao kwamba wanataka siku nyingine. Mimi nilichukua wakati uliopata kura nyingi kuliko nyingine, nikaufanya kana kwamba ni wakati unaowafaa wengi. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kura nne kati ya tisa ndizo nyingi kuliko tatu na mbili, lakini bado ni chini ya nusu.

Kosa la pili lilikuwa ndani ya swali lenyewe. Mtu akiruhusiwa jibu moja, anakuambia wakati anaoupenda. Hakuambii nyakati nyingine anazoweza kuja. Na kikao hakihitaji wakati unaopendwa na wanne. Kinahitaji wakati ambao watu wengi iwezekanavyo wanaweza kufika. Kwa hiyo swali sahihi si "unapenda lini?" bali "unaweza lini?", na jibu lake linaweza kuwa zaidi ya moja.

Namna hii ya kupiga kura, ambapo kila mtu anaweka alama kwenye kila chaguo analolikubali, wataalamu wameichunguza kwa miaka mingi. Wamarekani wawili, Steven Brams na Peter Fishburn, waliandika juu yake mwaka 1978. Kwao ilikuwa hoja ya uchaguzi wa viongozi, na humo ina wanaoiunga mkono na wanaoipinga. Lakini kwa kupanga muda wa kikao inafaa sana, kwa sababu hatutafuti mshindi, tunatafuta mahudhurio.

Ujumbe wa pili

Baada ya wiki mbili niliandika upya. Nauweka hapa kama ulivyokuwa:

"Assalaam alaykum. Tunahitaji kikao cha dakika 60 kuamua walimu watatu wa masomo ya ziada na pesa ya madaftari. Mahali ni Cibitoke ya Bujumbura, pale pale petu. Tafadhali weka alama kwenye KILA wakati unaoweza kufika, si ule unaoupenda tu. Kura inafungwa Jumatano 22 Aprili saa mbili usiku (20:00). Wakati wenye alama nyingi ndio utachukuliwa. Zikilingana, tunachukua ulio wa mapema. Asiye na intaneti anitumie ujumbe wa kawaida, nami nitamwandika."

Na chaguo zilikuwa nne:

Ijumaa 24 Aprili, saa moja usiku (19:00)
Jumamosi 25 Aprili, saa tano asubuhi (11:00)
Jumapili 26 Aprili, saa tisa alasiri (15:00)
Siwezi wakati wowote kati ya hizi

Safari hii niliacha kile kitufe cha WhatsApp kinachoruhusu majibu zaidi ya moja kikiwa kimewashwa. Nyakati zilikuwa zile zile na watu wale wale. Wanne wa Ijumaa waliweka tena alama kwenye Ijumaa, lakini watatu kati yao wakaonyesha kwamba Jumapili pia wanaweza, na mmoja akaweka Jumamosi. Dada watatu waliokuwa wamechagua Jumamosi wote waliweza Jumapili pia. Wale wawili wa Jumapili walibaki na Jumapili, na mmoja wao akaongeza Jumamosi. Ukijumlisha: Ijumaa nne, Jumamosi tano, Jumapili nane.

Tazama hapo, ndugu msomaji. Jumapili, iliyokuwa ya mwisho katika kura ya kwanza, ndiyo iliyowafaa watu wanane kati ya tisa. Jibu lilikuwepo tangu mwanzo, ila swali langu halikuliruhusu litoke.

Na Ijumaa haikupata hata alama moja mpya. Nilipowauliza dada, wakanieleza nilichopaswa kukijua. Hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta, Magharibi inaingia mnamo saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, hivyo saa moja ni giza tayari. Mmoja anarudi Buyenzi, wawili Kinama, na siku ambazo mafuta ni haba foleni ya basi ni ndefu. Kwao wakati ule haukuwa mgumu kidogo, haukuwezekana kabisa. Kura ya jibu moja ilikuwa imelificha jambo hilo.

Mambo manne ya kuangalia kabla ya kutuma

La kwanza ni saa. Sisi tunasema saa tisa, lakini shuleni na ofisini tunaandika 15:00 kwa namna ya Kifaransa. Zamani kidogo niliwahi kuandika "Jumapili saa 9", na wajumbe wawili wakafika saa tatu asubuhi, wakasimama mlangoni. Walisoma tarakimu kama inavyosomwa kwenye simu. Tangu hapo naandika saa kwa maneno, wakati wa siku, kisha tarakimu katika mabano. Kama mjumbe yuko Tanzania kwa masomo na atashiriki kwa simu, mwandikie pia saa ya huko. Kigoma na Bujumbura ziko kwenye ziwa moja, lakini saa ya Kigoma iko mbele kwa saa moja: 15:00 yetu ni 16:00 yao.

La pili ni mahali. Cibitoke ni jina la mtaa wetu wa kaskazini mwa jiji, na pia ni jina la mji ulio mbali, kaskazini-magharibi mwa nchi. Mjumbe mgeni anaweza kukuuliza ni ipi, na afadhali aulize kuliko apande gari. Andika mahali kwa ukamilifu.

La tatu ni chaguo zenyewe. Usiweke wakati ambao unajua haufai. Jumamosi asubuhi ni wakati wa kazi za pamoja za mtaa. Ukiweka saa mbili asubuhi umepoteza nafasi bure. Ijumaa mchana ni swala. Kama kuna mtu ambaye bila yeye kikao hakina maana, kama mweka hazina siku ya kuamua pesa, muulize yeye kwanza, kisha weka nyakati anazoweza tu. WhatsApp inaruhusu chaguo hadi 12, lakini tatu au nne zinatosha. Zikiwa nyingi, watu huweka alama kwenye mbili za juu na kuacha kusoma. Na mtu wa kwanza akishapiga kura, usibadilishe nyakati. Ukilazimika, ifute, anza mpya na waeleze wote.

La nne ni ukimya. Asiyepiga kura hajasema ndiyo wala hapana. Ndiyo maana niliweka lile chaguo la "siwezi": linamtofautisha aliyesoma na asiyeweza, na yule ambaye hajauona ujumbe. Jumanne jioni, siku moja kabla ya kufunga, watatu walikuwa kimya. Sikutuma ukumbusho kwa kundi zima, maana waliokwisha kujibu huchoka. Niliwapigia simu wale watatu. Mmoja alikuwa hana intaneti wiki nzima, nami nikamwandika kama nilivyoahidi.

Baada ya kufunga kura

Jumatano saa mbili na dakika tano niliandika: "Kikao ni Jumapili 26 Aprili, saa tisa alasiri (15:00). Wanane wanaweza." Kisha nikamwandikia peke yake yule mmoja asiyeweza, ambaye hufanya kazi ya ulinzi siku za Jumapili. Nikamwomba maoni yake juu ya walimu kwa maandishi, na nikayasoma kikaoni kabla ya watu kuanza kujadili. WhatsApp inaonyesha nani amechagua nini. Katika kura ya muda hilo ni msaada, kwa sababu unahitaji kumjua anayebaki nje. Lina upande wake mbaya pia: wanaochelewa huangalia wengine walikoelekea na kufuata. Kwa hiyo usiitumie kura ya wazi namna hii kuchagua kiongozi au kuamua jambo linaloweza kumtia mtu aibu.

Jumapili walikuja saba, mmoja aliugua. Tuliamua walimu na madaftari kwa dakika 50.

Nina daftari dogo sasa ambamo naandika, kila baada ya kura, jina la aliyeachwa nje. Mtu akiachwa mara mbili mfululizo, kura ya tatu naianza kwa kumuuliza yeye anaweza lini. Ndugu yetu mlinzi alikuwa tayari na alama mbili: hii ya Jumapili na nyingine ya mwezi uliotangulia. Kikao kilichofuata tulikifanya Jumatano saa kumi na nusu jioni (16:30), kabla hajaenda zamu, na tulimaliza mapema ili dada wawahi basi kabla ya Magharibi. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza.