Maswali ya Wasilisho: Chandarua, Kupulizia Dawa au Tiba?

Soma muhtasari huu kabla ya kujibu. Bei ni za mfano, lakini matokeo ya Muleba yanatoka katika utafiti halisi.

Wanafunzi wa shule moja ya Kariakoo wamewasilisha hivi: chandarua ni Sh. 12,000, hulaliwa na watu 2 kwa miaka 3. Kupulizia dawa ukutani katika nyumba ya watu 5 ni Sh. 30,000 kila mwaka. Kumpima na kumtibu mgonjwa mmoja kwa dawa mseto ni Sh. 5,000. Wakahitimisha: "Tiba ndiyo nafuu kuliko zote."

Swali la 1. Onyesha kosa la hitimisho hilo.

Jibu: Wamelinganisha vipimo visivyofanana. Gawanya kwanza kwa idadi ya watu na miaka. Chandarua: 12,000 ÷ (2 × 3) = Sh. 2,000 kwa mtu kwa mwaka. Kupulizia: 30,000 ÷ 5 = Sh. 6,000. Ile Sh. 5,000 ya tiba ni ya kuugua mara moja tu. Akiugua mara mbili ni Sh. 10,000. Tena tiba haimzuii mbu kumuuma mtu kesho. Chandarua kikichanika baada ya miaka 2, gharama hupanda hadi Sh. 3,000, bado chini ya kupulizia. (Watahiniwa wengi husahau kugawanya kwa watu, wakabaki na Sh. 4,000.)

Swali la 2. Huko Muleba, mkoani Kagera, mbu walikuwa sugu kwa dawa ya kawaida ya vyandarua. Miezi 9 baada ya vyandarua kugawiwa, watoto 42 kati ya 100 waliopewa vya kawaida walikuwa na vimelea. Waliopewa vyenye kiambato cha kuvunja usugu walikuwa 29. Palipopuliziwa dawa walikuwa 28, pasipopuliziwa 44. Waeleza nini?

Jibu: Chandarua kipya na kupulizia vilisaidia kwa kiwango kinachokaribiana. Walipoviunganisha, hawakuona nafuu ya ziada. Basi penye fedha kidogo, chandarua kipya kina hoja nzito. Usiandike "malaria ilipungua kwa asilimia 13": 42 kutoa 29 ni watoto 13 katika kila 100, lakini 13 ÷ 42 ni kama asilimia 31.

Swali la 3. Je, ushahidi huo unatosha kwa Kariakoo?

Jibu: Hautoshi. Muleba ni vijijini. Dar es Salaam mbu wa malaria huuma pia nje, na wachuuzi wengi wa Kariakoo usiku huwa bado barabarani. Chandarua na ukuta uliopuliziwa haviwafikii huko. Wasilisho limeacha njia ya nne: kuua viluwiluwi kwenye mitaro na madimbwi, kazi iliyofanywa na mpango wa jiji ulioanza mwaka 2004. Kuhusu tiba, homa nyingi za mjini si malaria, hivyo kipimo kitangulie dawa.